Pluto Ikipita Juu ya Mwezi wa Kuzaliwa: Mteja Aambiwe Nini?

*"Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili tangu nianze kuwasomea watu chati za kuzaliwa za unajimu. Nina mteja, mama wa watoto wawili, ambaye chati yake inaonyesha Mwezi kwenye nyuzi 4 za nyota ya Ndoo, na Pluto inapita hapo hapo mwaka 2026. Aliniambia amezaliwa Dar es Salaam saa mbili, nami kwenye programu nikaandika 02:00. Mama yake anaumwa figo. Nimesoma mahali pengi kwamba Pluto juu ya Mwezi ni kifo cha mama au nyumba kuvunjika. Sitaki kumdanganya, na sitaki kumtisha. Nimwambie nini? Na kama lingekuwa Jua badala ya Mwezi, ningesema mambo tofauti?"*

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujatafuta maneno, turudi kwenye saa uliyoandika, kwa sababu nina mashaka makubwa kama Mwezi wa mteja wako uko kweli kwenye nyuzi 4. Mtu wa Dar es Salaam akisema amezaliwa saa mbili, karibu kila mara anakusudia saa mbili ya asubuhi au saa mbili ya usiku kwa hesabu yetu, na programu ya chati inataka saa hizo ziandikwe 08:00 au 20:00. Ulichoandika wewe, 02:00, ni saa nane ya usiku. Kwa Jua kosa hilo lisingekuwa na uzito, kwa kuwa Jua husogea nyuzi moja hivi kwa siku nzima, na saa sita hulisogeza robo ya nyuzi tu. Mwezi ni jambo jingine kabisa. Huo husogea nyuzi kama 13 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi kila saa, na saa sita huuhamisha zaidi ya nyuzi tatu.

Sasa linganisha mwendo huo na wa Pluto, ambayo ikiwa ndani ya Ndoo husonga mbele chini kidogo ya nyuzi mbili kwa mwaka. Ikiwa mteja wako alizaliwa asubuhi, Mwezi wake uko kwenye nyuzi 7 na ushei, na Pluto itaufikia sawasawa mwaka 2028. Ikiwa alizaliwa usiku, Mwezi uko kwenye nyuzi 13 au 14, na mpito huo ni wa mwaka 2032 au karibu na hapo. Kwa hiyo ungeweza kumweka mtu roho juu mwaka mzima kwa sababu ya tarakimu mbili zilizoandikwa vibaya, huku mama yake mgonjwa akimtazama na kujiuliza mwanangu ana nini. Cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakina saa. Kadi ya kliniki huenda ikawa nayo, na isipokuwa nayo, muulize mteja awaulize mama yake au shangazi zake maswali yanayojibika: kulikuwa kumekucha, Isha ilikuwa imeadhiniwa, baba alikuwa ameshakwenda kazini? Hakikisha pia kwamba programu imeweka UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki. Saa ikikosekana kabisa, usimsomee mpito wa Mwezi. Mwambie wazi kwamba sehemu hiyo ya chati haijulikani, kisha mwendelee na mengine.

Tuchukue sasa kwamba umethibitisha na ni nyuzi 4 kweli, ili nikuonyeshe mpito wenyewe unavyokwenda. Pluto hulizunguka Jua kwa miaka 248 hivi, na njia yake si duara kamili, ndiyo maana ilikaa ndani ya Nge kwa takriban miaka 12 tu ilhali ndani ya Ng'ombe hukaa kama miaka 30. Ndani ya Ndoo imetulia tangu Novemba 2024 na itakuwamo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2040. Kila mwaka, kwa miezi mitano na zaidi, huonekana kama inarudi nyuma. Pluto yenyewe haigeuki. Dunia yetu, iliyo na mwendo wa kasi, ndiyo inayoipita, kama ambavyo abiria wa basi linalopita lori huliona lori kama linarudi nyuma. Kwa sababu ya kwenda na kurudi huko, Pluto huvuka nyuzi ileile mara tatu, na wakati mwingine hata tano.

Kwa nyuzi 4 za Ndoo, mara ya kwanza ni mapema Februari 2026, mara ya pili, ikiwa inarudi, ni Agosti, na mara ya tatu ni Desemba mwaka huohuo. Lakini Mei 2025 ilikuwa imekwisha kusogea hadi ikabaki chini ya robo ya nyuzi kabla haijageuka, na Oktoba 2027 itarudi tena mpaka umbali usiofika nyuzi moja. Sisi tunaofanya kazi hii huona kwamba mpito unaanza kuhesabika Pluto ikiwa imebakiza nyuzi moja, na wengine huanzia mbali zaidi. Maana yake ni kwamba hata kwa kanuni zetu wenyewe, tunazungumzia kipindi cha miaka miwili hadi mitatu. Hakuna siku ndani yake ambayo unaweza kuinyooshea kidole ukasema ni hii. Anayempa mteja tarehe ya Pluto anampa kitu ambacho chati haina.

Tuje kwenye kifo cha mama. Mwezi hupita nyuzi zote 360 kwa siku 27 na kitu, kwa hiyo ukiwachukua watu bilioni nane walioko duniani, zaidi ya milioni 20 kati yao wana Mwezi ndani ya nyuzi ileile moja aliyo nayo mteja wako. Wamo watoto wachanga, wamo vijana ambao mama zao wana afya tele, na wamo wazee wa miaka 80 waliozika mama zao zamani. Wote wanapitiwa na Pluto mwaka huohuo. Kama mpito huo ungekuwa ni kifo cha mama, tungeuona kwenye makaburi ya dunia nzima, na sijui hao wazee ingewaulia nani. Mama wa mteja wako ana ugonjwa wa figo, na yatakayompata yataamuliwa na hali ya figo zake, na dawa, na kama anaweza kufikia huduma ya kusafishwa damu pale atakapoihitaji. Pluto haimo kwenye orodha hiyo, na daktari wake anajua mengi kuhusu mwaka wake ujao kuliko mimi na wewe tukikaa pamoja na chati zetu zote.

Pengine itakusaidia kujua sifa hizi za kutisha zilitoka wapi. Falaki ya wazee wetu wa pwani ina sayari saba, Jua na Mwezi vikihesabiwa humo, na inaishia kwa Zohali. Pluto haimo, kwa sababu ilionekana kwa mara ya kwanza tarehe 18 Februari 1930, pale Clyde Tombaugh alipoigundua katika picha zilizopigwa kwenye kituo cha kutazama nyota cha Lowell, jimboni Arizona, Marekani. Jina lilipendekezwa na mtoto wa miaka 11 wa mjini Oxford, Venetia Burney, naye alilichukua kwa mungu wa kuzimu wa hadithi za kale za Warumi. Wanajimu wa Ulaya na Marekani wakaanza hapo, wakaunganisha jina la kuzimu na mambo ya enzi yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 madini ya plutoniamu, yatumikayo katika mabomu ya nyuklia, yalipopewa jina la Pluto, uhusiano wake na maangamizi ukakazika zaidi. Hivyo usomaji wa Pluto haujafikisha hata karne moja, ilhali sayari yenyewe haijamaliza hata mzunguko mmoja tangu igunduliwe. Hakuna mwanajimu aliyewahi kuiona ikipita juu ya Mwezi wa watu katika nyota zote kumi na mbili. Nakuongezea na hili, ambalo wenzetu wengi hawapendi kulisema mbele ya mteja: mwaka 1985 mtafiti Shawn Carlson alichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo wanajimu walitakiwa kulinganisha chati na maelezo ya tabia za wenye chati, na hawakufanya vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Mimi bado nasoma chati, kwa sababu naiona ni lugha nzuri ya kumsaidia mtu kuyatazama maisha yake. Kutabiri msiba kwa lugha hiyo ni kudai elimu ya ghaibu tusiyokuwa nayo.

Baada ya kuondoa hayo, kinachobaki katika Pluto juu ya Mwezi ni nini? Kwa jadi yetu, Mwezi ni mazoea ya moyo: namna mtu anavyotulia, anavyolea na kulelewa, anachokihesabu kuwa nyumbani, na uhusiano wake na mama au aliyemlea. Pluto ni kile kilichofukiwa kikisukuma kujitokeza. Zikikutana, tunasoma kipindi ambacho mazoea ya zamani ya moyo hayatoshi tena. Mtu aliyezoea kubeba kila mtu anachoka kubeba. Mambo ambayo ukoo mzima uliyanyamazia yanataka kuzungumzwa. Mtu anagundua kwamba alichokiita upendo, kwa sehemu, kilikuwa hofu ya kuachwa au haja ya kushika usukani. Huo ni mtikisiko wa kweli, nami sitaki uufiche, lakini unafanyika ndani ya mtu na kati yake na watu wake, na unaweza kupita bila tukio lolote ambalo jirani angeliona.

Namna ya kulisema hili, basi. Usianze kwa "usiogope", wala "usishtuke", wala "kaa kwanza tuzungumze". Kwetu maneno hayo ndiyo yanayotangulia tanzia. Mteja akiyasikia, moyo wake umekwisha kwenda kwa mama yake kabla hujafungua mdomo mara ya pili, na utakayoyasema baadaye hatayasikia. Usianze na jina la Pluto pia, maana huenda ameshakutana nalo mtandaoni na ameshalisomea hukumu. Anza kwa kumuuliza. Mimi huuliza hivi: "Katika miezi hii, ni jambo gani nyumbani linalokuchukulia nguvu nyingi?" Kisha nanyamaza. Mara nyingi mteja mwenyewe ndiye huleta jambo ambalo chati ingeweza kulitaja tu kwa mbali.

Mteja wako huenda akasema: "Ni mama. Namhudumia mimi peke yangu, ndugu zangu wananitumia pesa wanajiona wamemaliza, na nikilala nasikia kama ananiita." Hapo unaweza kumjibu kwa maneno kama haya: "Chati yako inakwenda na hayo unayoyasema. Kuna kipindi kirefu, kama miaka miwili, ambacho sisi wanajimu tunakisoma kuwa cha kubadilisha namna unavyobeba watu wako. Hakisemi mama atakuwaje, na mimi sijui mama atakuwaje. Kinachouliza ni kama utaendelea kubeba peke yako." Zitazame sentensi hizo. Kipindi kimetajwa kama kipindi, bila siku. Mipaka ya ujuzi imesemwa wazi, tena mapema, kabla hajauliza. Na mwisho kuna jambo ambalo yeye anaweza kulifanyia kazi wiki hii, kama kuwapigia ndugu zake na kugawana zamu.

Atauliza tu, hata ukiwa mwangalifu vipi. Atasema, "Niambie ukweli, mama atakufa?" Usikwepe, wala usitafute sura ya kuhurumia, kwa sababu kusita kwako atakusoma kuwa ndiyo. Mjibu moja kwa moja: "Chati haionyeshi kifo cha mtu, na anayekuambia inaonyesha anasema asichokijua. Swali hilo mpelekee daktari wa mama, na uende nalo likiwa limeandikwa." Ukimsaidia kuliandika swali lenyewe, kwamba figo zimefikia hatua gani na dalili zipi zikitokea ampeleke hospitali siku hiyohiyo, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko usomaji wote.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo naliona zaidi kwa wasomaji vijana. Kwa kuogopa kutisha, wanapaka asali. Wanamwambia mteja kwamba Pluto ni zawadi, kwamba anazaliwa upya, kwamba maumivu yote yana kusudi. Mtu anayeamka usiku mara tatu kumgeuza mama yake kitandani hahitaji kuambiwa kwamba anapewa zawadi. Na ikiwa mama atafariki kwa ugonjwa wake, maneno hayo yatamrudia kama dhihaka, au mbaya zaidi, atajiuliza kama kifo hicho ndicho kilichokuwa bei ya huko kuzaliwa upya. Ni afadhali useme kwamba kipindi kinaweza kuwa kizito, kwamba watu wengine hukipitia bila kukitambua, na kwamba hujui kwake kitakuwaje. Sentensi hiyo haina mvuto, lakini hutalazimika kuitafutia udhuru baadaye.

Ile mipito mitatu ya Pluto, Februari, Agosti na Desemba, nakushauri uitumie kwa ajili yako kuliko kwa ajili yake. Katika usomaji wetu, mara ya kwanza huonekana kama wakati jambo linapojitokeza, ya pili kama wakati wa kulirudia kwa kina, na ya tatu kama wakati wa kuamua. Ni mpangilio unaokusaidia kuuliza maswali mazuri, lakini ukimpa mteja miezi hiyo ataiweka kwenye kalenda. Kila simu ya usiku ndani ya Agosti itamshtua, na homa ya kawaida ya mama itaonekana kuwa Pluto imefika. Mtu anayesubiri baya huliona kila mahali, na usingizi anaoukosa ni wa kweli hata kama sababu yake haipo. Akikubana umtajie lini, mwambie ni kati ya 2025 na mwisho wa 2027, uishie hapo.

Kuhusu Jua, tofauti ipo ila si kubwa kama vitabu vinavyofanya ionekane. Jua kwa jadi ni nafsi ya mtu mbele za watu: jina lake, kazi yake, anachojivunia, na mara nyingi baba au mwenye mamlaka juu yake. Pluto ikilipita, maswali huhamia huko. Je, cheo hiki ndicho mimi? Namtii nani, na kwa nini? Mtu anaweza kugombana na bosi, au yeye mwenyewe akaanza kuwa bosi mgumu bila kujijua. Hapa huna haja ya kuhangaika na saa, tarehe inatosha, na aliyezaliwa kwenye tarehe 24 au 25 Januari ndiye anayehusika na nyuzi hizi. Onyo ninaloongeza kwa Jua ni kwamba mtu asishauriwe kuacha kazi kwa sababu Pluto imefika. Watu huingia kwa mwanajimu wakiwa wamekwisha kukasirika na kutafuta ruhusa, na ukimpa ruhusa kwa jina la sayari, kodi ya nyumba ataendelea kuilipa yeye. Kumbuka pia kwamba wengi hawatakutana na mpito huu maishani. Aliyezaliwa 1990, Pluto ikiwa ndani ya Nge, akiwa na Jua ndani ya Mapacha, hataishi kuiona ikilifikia Jua lake, na hilo halimpunguzii wala halimwongezei misukosuko.

Lipo jambo ambalo sitaki ulichukulie kwa wepesi. Kazi yetu hukutanisha mwanajimu na watu walio katika hali mbaya, na lugha ya Pluto, ya kuzimu na kufa na kuzaliwa, huweza kufunika hali inayohitaji msaada mwingine. Mteja akikuambia kwamba kwa wiki mbili au zaidi halali usingizi, hali chakula, hana hamu ya jambo lolote, au anajiona ni mzigo, huo si mpito wa kusubiri upite, na anapaswa kuonana na daktari au mshauri wa afya ya akili. Akitaja kutaka kufa, usimalize kikao mkaagana. Muulize wazi kama amefikiria kujidhuru, usimwache peke yake, tafuta ndugu anayemwamini, na afikishwe hospitali siku hiyo. Akieleza kupigwa nyumbani, usimwambie Pluto inavunja ili ijenge. Kwa Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kumsindikiza.

Jihadhari vilevile na wale watakaomwambia kwamba Pluto ni nuhusi inayoondolewa kwa kafara, pete au kombe, kwa bei yao. Hata kwa wanaoamini tiba hizo, vitabu walivyovirithi haviijui Pluto, kwa hiyo dawa yake imetungwa juzi. Na wewe mwenyewe, akikuomba muonane kila mwezi ili ajue Pluto imefika wapi, mkatalie kwa upole. Vikao viwili vinatosha kwa mpito wote, kimoja sasa ukishaipata saa sahihi, na kingine utakapokuwa umepita, ambacho atazungumza yeye zaidi na wewe utasikiliza.